Asilimia 20 ya hisa, lakini ufunguo wa mlango wote: waanzilishi wasome orodha ya idhini mbele ya kutia sahihi

Kijana anayeanzisha kampuni Bukavu, Bunia, Kalemie ao Lubumbashi, siku anapopata mwekezaji wa kwanza, swali lake la kwanza ni moja: anatoa dola ngapi, na anachukua hisa ngapi? Hilo ni swali la haki. Lakini mkataba wa uwekezaji una kurasa zingine nyuma ya hesabu hiyo, na hapo ndipo inaandikwa nani ataongoza kampuni kesho. Kurasa hizo zinasema mambo mawili. La kwanza ni orodha ya mambo ambayo kampuni haiwezi kuyafanya bila mwekezaji kusema ndiyo. La pili ni kiti cha mwekezaji katika baraza la usimamizi.

Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo. Mwekezaji ana haki ya kulinda pesa yake na hisa zake. Hana sababu ya kuendesha kazi ya kila siku kutoka mbali. Mpaka kati ya mambo hayo mawili unachorwa kwa maneno machache ndani ya mkataba, na anayepaswa kuyasoma ni mwanzilishi mwenyewe, si avoka wake peke yake.

Tuchukue mfano, ili tusizungumze hewani. Vijana wawili wa Kalemie wanaanzisha kampuni ya barafu na vyumba vya baridi vinavyotumia nguvu ya jua. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaleta ndagala na mikebuka alfajiri, kampuni inawauzia barafu na kuwahifadhia samaki mpaka gari la kwenda barani lipatikane. Waanzilishi wana hisa 8.000, zote zao. Mwekezaji mmoja mwenye ofisi mbali na Kongo anakubali kuweka dola 200.000. Wanapatana kwamba kampuni mbele ya pesa hiyo ina thamani ya dola 800.000, yaani dola 100 kwa hisa moja. Mwekezaji anapewa hisa mpya 2.000. Jumla inakuwa 10.000, waanzilishi wanabaki na asilimia 80, mwekezaji ana 20. Baraza lina watu watatu: waanzilishi wawili na mjumbe mmoja wa mwekezaji.

Kwa hesabu ya kidole, waanzilishi wanashinda kila kura. Hisa 80 kwa 20, viti viwili kwa kimoja. Hapo ndipo wengi wanafunga karatasi na kutia sahihi.

Lakini tujiweke pia upande wa mwekezaji. Kongo iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya makampuni inasema kwamba katika kampuni ya SARL, kubadili statu, yaani katiba ya kampuni, kunaomba wenye robo tatu ya mtaji. Mwenye asilimia 20 hawezi kuzuia kitu hapo. Waanzilishi wenye asilimia 80 wanaweza kuongeza mtaji na kupunguza nguvu yake, kubadili kazi ya kampuni, ao kujiongezea mshahara mara tatu. Wanaweza hata kumuuzia shemeji yao mashine kwa bei ya chini. Mwekezaji ametoa dola 200.000, na sheria peke yake inamwacha mikono mitupu. Ndiyo maana anaomba orodha ya idhini. Kuomba orodha si ujanja. Ujanja, ao mara nyingi uzembe tu, unaingia katika namna orodha ilivyoandikwa.

Orodha nzuri inagusa mambo yanayobadili umbo la kampuni: kutoa hisa mpya, kubadili statu kwa namna inayopunguza haki za mwekezaji, kuuza kampuni ao mali yake kubwa, kuifunga, kugawa faida, kuchukua deni kubwa, na kufanya mkataba kati ya kampuni na waanzilishi wenyewe ao jamaa zao. Mambo kama kumi hivi. Hakuna mwanzilishi mwenye nia safi anayeumizwa na orodha hiyo, kwa sababu mambo hayo hayafanyiki kila juma.

Orodha mbaya inaendelea chini ya hapo. Katika mfano wetu, karatasi iliyoletwa Kalemie ina mambo 31. Kati yake kuna haya: matumizi yoyote ya zaidi ya dola 5.000 yasiyoandikwa katika bajeti, kuajiri mtu yeyote wa mshahara wa zaidi ya dola 500 kwa mwezi, kufungua konti mpya ya benki, kuanza ao kujibu kesi yoyote, na kupitisha bajeti ya mwaka.

Sasa tuone orodha hiyo ikifanya kazi. Wavuvi wa ndagala wanavua usiku kwa taa, kwa hiyo kazi kubwa iko katika siku za giza, mwezi usipoonekana. Siku za giza zinapoanza, kompresa ya chumba kikubwa inakufa. Mpya, pamoja na usafiri na fundi, ni dola 7.400. Pesa iko benki. Haikuandikwa katika bajeti, kwa sababu hakuna anayeandika katika bajeti tarehe ya kuharibika kwa mashine. Kwa hiyo idhini inahitajika. Waanzilishi wanaandika barua pepe siku hiyohiyo. Mjumbe wa mwekezaji anaelewa haraka, lakini mkataba hauombi idhini yake yeye. Unaomba idhini ya mwekezaji, yaani ya kampuni yake, na huko kuna kamati inayokaa mara mbili kwa mwezi. Jibu linafika siku ya 19, na ni ndiyo. Wakati huo mwezi umekwisha kuwa mkubwa, wavuvi wamepeleka samaki wao kwa mwingine, na wengine hawatarudi.

Angalieni vizuri: hapo hakuna mtu mbaya. Mwekezaji hakukataa. Kampuni imeumia kwa sababu ya mambo matatu ya maandishi, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kiwango. Dola 5.000 kwa kampuni yenye bajeti ya dola 240.000 kwa mwaka ni kama asilimia 2. Kiwango kiwekwe kwa uwiano na ukubwa wa kazi. Kwa mfano, idhini iombwe tu pale matumizi ya mwaka yanapopita bajeti nzima kwa zaidi ya asilimia 10. Katika kampuni yetu hiyo ni dola 24.000, na kompresa ingepita bila barua yoyote. Iandikwe pia kwamba kutengeneza ao kubadili mashine iliyoharibika hakuombi idhini, kunaomba taarifa tu.

La pili ni nani anayesema ndiyo. Kuna tofauti kubwa kati ya idhini ya mwekezaji kama mwenye hisa na idhini ya mjumbe wake katika baraza. Mwenye hisa anaweza kupiga kura akitazama faida yake mwenyewe. Mjumbe wa baraza anabeba wajibu kwa kampuni yenyewe, na akifanya kosa katika usimamizi anaweza kulijibia. Tena mjumbe ni mtu mmoja mwenye simu, hana kamati nyuma yake. Kwa hiyo orodha igawanywe mara mbili. Mambo ya hisa, statu na kuuza kampuni yabaki kwa mwekezaji mwenyewe. Mambo ya matumizi, deni na mikataba mikubwa yapewe mjumbe, na jibu lake kwa barua pepe litoshe.

La tatu ni muda. Mkataba wa mfano wetu haukusema jibu lije lini. Sentensi moja inaponya hilo: mjumbe asipojibu ndani ya siku tano za kazi tangu kupokea ombi lenye maelezo kamili, inahesabiwa amekubali. Wawekezaji wengi watakataa sentensi hiyo juu ya kutoa hisa mpya, na wana haki. Juu ya matumizi ya kazi, ni vigumu kwao kueleza kwa nini wanaikataa.

Kuna mtego mwingine ndani ya orodha, nao ni bajeti. Kupitisha bajeti ya mwaka kukiwa jambo la idhini, na mwekezaji asipoipitisha mwezi wa kwanza, basi kampuni haina bajeti. Na kama haina bajeti, kila matumizi yanakuwa nje ya bajeti. Kwa mlango huo mmoja mwekezaji anashika hata mshahara wa mlinzi, bila orodha kutaja mlinzi popote. Dawa ni kuandika kwamba bajeti mpya isipopita, ile ya mwaka uliopita inaendelea, ikiongezwa asilimia fulani, mpaka watu wapatane.

Sasa tuje kwenye kiti. Watu wanadhani baraza ni mahali pa heshima, pa kunywa chai na kusoma ripoti. Sivyo. Mara nyingi mkataba unalipa baraza nguvu ya kumweka na kumwondoa mkurugenzi mkuu. Kwa hiyo anayeshika kura nyingi katika baraza anashika kazi ya mwanzilishi, hata kama mwanzilishi ana hisa nyingi.

Turudi Kalemie, miaka miwili baadaye. Kampuni imekua, inataka kufungua Uvira na Moba. Mwekezaji wa pili analeta dola 600.000, na thamani ya kampuni mbele ya pesa hiyo inawekwa dola 1.500.000. Hisa zilikuwa 10.000, kwa hiyo bei ni dola 150 kwa hisa, na wa pili anapewa hisa 4.000. Jumla sasa ni 14.000. Waanzilishi wana 8.000, ambazo ni asilimia 57. Wa pili ana karibu 29, wa kwanza ana karibu 14.

Kwa hisa, waanzilishi bado ni wengi. Tuhesabu viti. Mwekezaji wa pili anaomba kimoja, kama wa kwanza. Kisha wanaomba mjumbe wa tano, mtu wa nje asiye wa upande wowote. Baraza linakuwa la watu watano: waanzilishi wawili, wawekezaji wawili, na huyo wa tano. Swali lote la utawala wa kampuni limekaa katika mstari mmoja: nani anamteua wa tano? Kama mkataba unasema anateuliwa na wawekezaji, waanzilishi wenye asilimia 57 ya hisa wamepoteza baraza, kura tatu kwa mbili. Kama unasema anateuliwa kwa kupatana kwa pande zote mbili, hakuna upande unaoweza kumfukuza mwingine bila kumshawishi mtu wa tatu. Hiyo ya pili ndiyo ya haki, na iandikwe pia namna ya kumpata pale pande zinaposhindwa kupatana, kwa mfano kila upande kuleta majina matatu.

Mtu atauliza: si tutatumia asilimia 57 zetu kubadili baraza? Hapana. Katika mkataba wa wenye hisa, kila mmoja ameahidi kupiga kura ili baraza liwe na viti hivyo, na kubadili idadi ya viti kumewekwa katika orodha ya idhini. Orodha inafunga mlango ambao kiti kimeufungua. Ndiyo maana tunasema mambo haya mawili yasomwe pamoja, si moja leo na lingine kesho.

Kuna maneno mengine madogo juu ya kiti cha mwanzilishi mwenyewe. Tazameni kama kiti kimefungwa kwenye kazi ao kwenye hisa. Mkataba ukisema kiti ni cha mkurugenzi mkuu, siku baraza linapomwondoa kazini, mwanzilishi anapoteza kazi na kiti kwa kura moja, na mkurugenzi mpya anakalia kiti kile. Mkataba ukisema waanzilishi wanateua wajumbe wawili maadamu wanashika pamoja asilimia fulani ya hisa, anaweza kuondolewa kazini na bado akaingia kikaoni.

Na upande wa mwekezaji pia, haki ziwe na mwisho. Yule wa kwanza alikuwa na asilimia 20, sasa ana 14. Baada ya duru ya tatu anaweza kubaki na 6. Je, mwenye asilimia 6 aendelee kuzuia kampuni nzima kuuzwa? Mkataba unaweza kusema kwamba akishuka chini ya asilimia 10, kiti kinageuka kuwa cha mwangalizi, yaani anakaa, anasikia, anasema, lakini hapigi kura. Na juu ya orodha, badala ya kila mwekezaji kuwa na yake, iandikwe orodha moja, na idhini itolewe na wawekezaji wenye zaidi ya nusu ya hisa zao kwa jumla. Kampuni yenye wawekezaji wanne na orodha nne inaomba ndiyo nne kwa kila hatua, na wa mwisho kujibu ndiye anayepanga bei.

Kuna kizuizi kingine kisichoitwa kizuizi: idadi ya wajumbe inayofanya kikao kiwe halali. Karatasi nyingi zinasema kikao si halali bila mjumbe wa mwekezaji. Ina maana kwamba asipokuja, hakuna uamuzi. Iongezwe kwamba kikao kikikosa watu, kinaitwa tena baada ya siku saba kwa ajenda ileile, na watakaokuja watatosha.

Yabaki mambo mawili ya sheria yetu. SARL inaongozwa na jeran, haina baraza la usimamizi kama lile la SA. Ndiyo maana mwekezaji mara nyingi anaomba kampuni igeuzwe SAS, aina iliyoingizwa katika sheria ya OHADA mwaka 2014, ambayo inaacha wenye hisa wajipangie uongozi katika statu. Si jambo baya, lakini uhuru huo una maana kwamba yasiyoandikwa hayapo. Statu zinawekwa katika rejista ya biashara, na zinafunga kampuni. Mkataba wa wenye hisa unabaki kati ya waliotia sahihi. Mkisoma kimoja bila kingine, mnaweza kupatana vizuri katika mkataba na kukuta statu zinasema kinyume.

La pili: mwanzilishi asifikiri kwamba kupita pembeni ya orodha ni jambo dogo. Mkuu wa SAS akichukua deni benki bila idhini, kwa kawaida benki haihusiki na makubaliano ya ndani, na deni linafunga kampuni. Lakini mwekezaji atamgeukia mwanzilishi aliyevunja ahadi, na katika mikataba mingi kosa hilo linatosha kumwondoa kazini na hata kumlazimisha kuuza hisa zake kwa bei ya chini. Upande wa pili, sheria ya OHADA inajua pia kosa la mwenye hisa chache anayezuia bila sababu halali uamuzi ambao kampuni inauhitaji. Ila kesi inachukua miezi, na samaki hawangoji hakimu.

Tunajua jibu ambalo vijana wengi watatupa: ukibishana, mwekezaji anaondoka. Hatukubaliani. Mwekezaji wa kazi hii amekwisha kuona mikataba mingi, na anajua kwamba mambo tuliyoyataja hapa yanajadiliwa kila mahali. Anayeondoka kwa sababu umeomba jibu ndani ya siku tano amekuonyesha mapema namna atakavyokaa nawe miaka saba.

Wakati mzuri wa kuyaomba ni pale karatasi fupi ya masharti inapoletwa, mbele ya mkataba mrefu, kwa sababu baada ya hapo kila upande umekwisha lipa maavoka na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Chukueni orodha, na mbele ya kila mstari jiulizeni: katika miezi 12 iliyopita, jambo hili tulilifanya mara ngapi? Mstari wenye jibu la sifuri ao mara moja, uacheni. Wenye jibu la mara kumi haulindi hisa za mtu, unaendesha kazi yenu, na ndio wa kuuondoa. Kisha hesabuni viti, si vya leo tu, bali vya baada ya mwekezaji wa pili. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na hakuna atakayewafanyia.